Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: voyaji chata au taimu chata kwa mzigo wa kichele, na leitaimu inahesabiwaje

Maswali haya yanakuja sana kutoka kwa watu wa manunuzi kwenye viwanda vya unga, waagizaji wa mbolea, na vijana wanaoanza kazi kwenye ofisi za wakala wa meli hapa Dar. Nimeyaweka pamoja, na kwenye hesabu nimetumia meli moja ya ngano ya mfano, namba zake ni za kufundishia tu ila hesabu yenyewe inapigwa hivyo hivyo kwenye meli za kweli.

Voyaji chata na taimu chata zinatofautiana vipi?

Chukulia una mzigo wa kupeleka Morogoro. Unaweza kukubaliana na mwenye fuso bei ya kufikisha mzigo, mafuta yake, dereva wake, akichelewa njiani shida yake. Au unakodi fuso kwa siku, dereva ni wa mwenye gari lakini mafuta unaweka wewe, unamwambia wapi pa kwenda na kila siku inayopita unalipa hata kama gari limelala kwenye foleni ya mizani.

Ya kwanza ndo voyaji chata. Mkodi analipa freiti, kwa kawaida dola kadhaa kwa kila tani ya mzigo, na mwenye meli anabeba mafuta, mabaharia, na gharama za meli kuingia bandarini. Ya pili ni taimu chata, mkodi analipa kodi ya siku, ananunua mafuta yote ya meli, analipa gharama za bandari, rubani, tagi, mifereji kama Suez ikipitiwa, na mwenye meli anabaki na mabaharia, bima ya meli, vipuri na matengenezo.

Fomu zinazotumika sana ni Gencon kwa voyaji chata (toleo la 1994 bado linaonekana mno ingawa limetoka la 2022) na NYPE kwa taimu chata, ambayo ya 1946 mpaka leo watu wanaitumia wakiwa wamebandika vipengele vya nyongeza kurasa na kurasa. Nikisema Gencon hapa chini nina maana ya ile ya 1994.

Ila tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye muda. Kwenye taimu chata muda wote ni wa mkodi, baharini na bandarini. Kwenye voyaji chata muda wa baharini ni wa mwenye meli, halafu bandarini mkodi anapewa muda fulani ambao tayari umo ndani ya freiti, akiumaliza anaanza kulipa. Huo muda ndo leitaimu, na pesa inayolipwa ukipita ndo demareji.

Mimi nanunua ngano kwa bei ya CFR Dar es Salaam, sijakodi meli yoyote, haya yananihusu nini?

Yanakuhusu sana, na hapa ndo watu wengi wanaumia. Kwenye CFR au CIF aliyekodi meli ni muuzaji wako, kweli, lakini fungua mkataba wako wa kununua uangalie sehemu ya kushusha. Karibu kila mara utakuta imeandikwa mnunuzi anahakikisha kasi ya kushusha tani kadhaa kwa siku, na demareji ya bandari ya kushushia ni ya mnunuzi. Muuzaji amechukua mzigo wa demareji alioubeba kwa mwenye meli akauhamishia kwako.

Kwa hiyo kabla hujasaini omba uoneshwe vipengele vya leitaimu vya chata yenyewe. Sio freiti, hiyo hawatakuonesha, vipengele vya leitaimu tu. Ukiona kwenye chata kasi ni tani 3,000 kwa siku na kwenye mkataba wako ni tani 5,000, maana yake muuzaji anaweza kukudai demareji ambayo yeye mwenyewe hajadaiwa na mtu, na kisheria anaweza kuipata kabisa kwa sababu mikataba ni miwili tofauti na wewe umesaini huo wa kwako.

Leitaimu inapatikanaje?

Mara nyingi inatokana na kasi. Meli yetu ya mfano imebeba tani 24,000 za ngano ya kichele kuja Dar, mkataba unasema kushusha tani 3,000 kwa siku, kwa hiyo gawanya 24,000 kwa 3,000 unapata siku 8, ambazo ni saa 192. Hizo saa 192 ndo akiba yako. Kiasi kinachotumika ni kile cha kwenye bili ya ledini au kadiri mkataba ulivyosema, usikadirie kichwani.

Baada ya hapo kuna maswali matatu tu: saa inaanza kuhesabika lini, saa zipi zinarukwa, na ikiisha inakuwaje.

Saa inaanza lini? Meli ikifika tu?

Hapana. Lazima vitu vitatu vitimie. Meli iwe imefika kweli mahali mkataba unapotaka, iwe tayari kwa kazi (vifaa vyake na karatasi zake, pamoja na kibali cha afya kama mkataba haujaruhusu kingine), na kapteni awe ametoa notisi ya utayari, ile ambayo kwenye imeili utaiona imeandikwa NOR. Kwenye kupakia utayari unabana zaidi kwa sababu hachi zikiwa chafu na mkaguzi akazikataa, NOR inakufa.

NOR ikishatolewa vizuri bado kuna muda wa kujipanga. Gencon inasema NOR ikitolewa mpaka saa 6 kamili mchana, leitaimu inaanza saa 7 mchana siku hiyo hiyo. Ikitolewa mchana baada ya hapo ndani ya saa za ofisi, inaanza saa 12 asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. (Kwenye jedwali na mahesabu huku chini nitaandika saa kama zinavyoandikwa kwenye karatasi za meli, yaani 13:00, 06:00, maana ndo utakavyozikuta.)

Sasa angalia uzito wa nusu saa. Meli yetu imetoa NOR Jumatatu tarehe 15 Aprili saa 10:00, leitaimu ikaanza 13:00. Ingetoa 12:30 ingeanza Jumanne 06:00, saa 17 baadaye, na kwa demareji ya dola 14,000 kwa siku ambayo tutaitumia kwenye mfano, saa 17 ni kama dola 9,917. Ndo maana kapteni mzoefu anatuma imeili ya NOR kabla hata nanga haijatulia vizuri, na ndo maana wewe unayepokea unatakiwa uangalie ilitumwa saa ngapi, ilitumwa kwa nani, na meli ilikuwa wapi wakati huo.

Ikitolewa NOR mbovu, si itajirekebisha meli ikishakuwa tayari?

Kwa sheria ya Uingereza, ambayo chata nyingi zimeichagua, haijirekebishi yenyewe. Kesi ya meli Mexico I ya 1990 ndo iliweka hilo wazi, NOR iliyotolewa wakati meli haiko tayari haigeuki kuwa halali kwa sababu tu muda umepita, inatakiwa itolewe nyingine. Lakini usikimbilie kushangilia, kwa sababu kesi ya Happy Day ya 2002 ilisema mkodi au mpokea mzigo akipokea NOR bila kupinga halafu kazi ya kushusha ikaanza, anaweza kuhesabika amesamehe kasoro ile na leitaimu ikaanza kukimbia hapo kazi ilipoanza. Ukiwa na wasiwasi na NOR andika palepale kwamba unaipokea bila kukubali uhalali wake. Sentensi moja tu ya imeili inatosha.

Gati limejaa, meli iko nangani nje, sijashusha hata punje moja, kwanini nihesabiwe?

Hili swali linaulizwa kwa uchungu na naelewa kwanini. Jibu liko kwenye nani alikubali kubeba hatari ya foleni. Mkataba ukiwa umetaja bandari tu, bila gati maalum, meli inaweza kuhesabika imefika ikiwa ndani ya mipaka ya bandari kwenye sehemu ya kawaida ya kusubiri na iko chini ya amri yako muda wowote. Hiyo ni kanuni ya kesi ya Johanna Oldendorff ya 1973. Juu ya hapo utakuta kwenye mkataba herufi WIBON, maana yake NOR inaweza kutolewa meli ikiwa gatini au haiko gatini, na WIPON, ambayo inaruhusu hata ikiwa nje ya mipaka ya bandari. Gencon yenyewe imeandika kwamba gati likikosekana, meli inatoa NOR pale inaposubiri na muda unahesabika kama vile iko gatini tayari.

Hayo maneno "kama vile iko gatini" yana upande wa pili unaokusaidia wewe na watu wengi hawaujui. Kama iko nangani na muda unahesabika kama vile iko gatini, basi na mvua inayonyesha wakati huo inarukwa kama ambavyo ingerukwa gatini, na Jumapili hivyo hivyo. Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, iliamua hivyo kwenye kesi ya meli Darrah miaka ya 1970. Kwa hiyo meli ikiwa nangani usilale, weka rekodi ya mvua ya kila siku kuanzia NOR.

Na muda wa meli kutoka nangani kwenda gatini, kwa Gencon, hauhesabiki kwenye leitaimu.

Mvua, Jumapili na sikukuu zinahesabikaje?

Inategemea herufi. WWD ni siku ya kazi yenye hali ya hewa inayoruhusu, kwa hiyo saa za mvua iliyozuia kazi, au ambayo ingezuia, zinatolewa. SHEX ni Jumapili na sikukuu hazimo. SHINC ni zimo, yaani unahesabiwa kila siku.

SHEX nayo inafuatwa na mkia, na mkia ndo wenye hela. EIU maana yake hazihesabiwi hata kama kazi imefanyika. UU maana yake hazihesabiwi isipokuwa zikitumika, ukifanya kazi Jumapili saa ulizofanya zinahesabiwa. Nitaonesha tofauti yake kwa dola hapo chini.

Kwa Dar mvua sio jambo la pembeni. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ukiwa gatini na ngano au urea utaona wingu linakuja toka baharini, ofisa wa zamu anapiga kelele, mifuniko ya hachi inafungwa, grabu linabaki linaning'inia juu ya hopa na malori yamejipanga chini yamefunikwa turubai. Mvua yenyewe inaweza kuwa ya dakika 20. Lakini kufunga, kusubiri, kufuta maji kwenye mifuniko ili yasimwagikie ndani na kufungua tena inakuwa saa nzima au zaidi. Uandike vyote: saa mvua ilipoanza, saa ilipokatika, saa hachi zilipofunguliwa na saa grabu la kwanza lilipoingia. Kama mkataba hausemi, kuna ubishi juu ya ule muda wa kukausha, na mwenye rekodi nzuri anakuwa na cha kubishania.

Naomba hesabu kamili ya meli moja.

Haya. Ngano tani 24,000, kasi tani 3,000 kwa WWD, SHEX EIU, demareji dola 14,000 kwa siku au sehemu ya siku kwa uwiano. Leitaimu saa 192. NOR Jumatatu 15 Aprili 10:00 meli ikiwa nangani, mkataba ni wa bandari na una WIBON.

Jumatatu 15: kuanzia 13:00, saa 11. Jumla 11.
Jumanne 16: nangani, saa 24. Jumla 35.
Jumatano 17: rubani yuko melini, meli inatoka nangani 06:00 inafungwa gatini 09:00, toa saa 3, inabaki 21. Jumla 56.
Alhamisi 18: mvua 14:00 mpaka 20:00, toa saa 6, inabaki 18. Jumla 74.
Ijumaa 19: saa 24. Jumla 98.
Jumamosi 20: saa 24. Jumla 122.
Jumapili 21: kazi imefanyika lakini ni EIU, sifuri. Jumla 122.
Jumatatu 22: mvua saa 4, inabaki 20. Jumla 142.
Jumanne 23: saa 24. Jumla 166.
Jumatano 24: saa 24. Jumla 190.
Alhamisi 25: zimebaki saa 2 tu, leitaimu inaisha 02:00 usiku.

Kazi ikaendelea kwa kusuasua kwa sababu malori yalikuwa machache, ikaisha Jumapili tarehe 28 saa 14:00. Kuanzia Alhamisi 02:00 mpaka Jumapili 14:00 ni siku 3 na nusu. Mara dola 14,000 ni dola 49,000. Ukigawa kwa tani 24,000 umeongeza kama dola 2.04 kwenye kila tani ya ngano yako, kabla hujaanza hata kusaga.

Ijumaa tarehe 26 ilikuwa Sikukuu ya Muungano na tarehe 28 ni Jumapili, mbona hujazitoa?

Kwa sababu leitaimu ilikuwa imeshaisha. Kuna kanuni ya zamani kwenye biashara hii kwamba ukishaingia demareji umeingia, hutoki. Jumapili, sikukuu na mvua vilikuwa vinakukinga wakati wa leitaimu, ikiisha na kinga imekwisha, unahesabiwa usiku na mchana mpaka tani ya mwisho. Labda tu mkataba uwe umesema wazi kwamba kinga hiyo inaendelea kwenye demareji, na kuipata lugha hiyo ni lazima upambane wakati wa kujadiliana.

Anayeanza anazitoa Ijumaa na Jumapili, anapata saa 22 za Alhamisi na 24 za Jumamosi, jumla 46, anapeleka kwa bosi hesabu ya dola 26,833. Wiki mbili baadaye inakuja invoisi ya 49,000 na kila mtu ofisini anadhani ameibiwa. Hajaibiwa mtu. Ila kama karani angejua Jumatano jioni kwamba zimebaki saa chache, angeweza kumwambia bosi atafute malori ya ziada usiku ule ule, na bei ya malori kumi ya ziada ukiilinganisha na dola 14,000 kwa siku ni hesabu rahisi.

Ingekuwa UU badala ya EIU?

Jumapili tarehe 21 walifanya kazi siku nzima, kwa hiyo saa 24 zingeingia. Leitaimu ingeisha siku moja mapema, Jumatano 24 saa 02:00, demareji ingekuwa siku 4 na nusu, dola 63,000. Dola 14,000 zimeongezeka kwa herufi mbili. Ukiwa na UU na hujaingia demareji bado, fikiria kwanza kama kufanya kazi Jumapili kuna faida. Mara nyingi bado ina faida kwa sababu mzigo unapungua, lakini ufanye ukijua.

Kreni ya meli ikiharibika nani anabeba?

Meli nyingi za ngano na mbolea zinazokuja huku zinatumia kreni zake zenyewe na grabu. Kwa Gencon, muda uliopotea kwa kreni ya meli kuharibika hauhesabiki, na hauhesabiki hata ukiwa kwenye demareji, isipokuwa waliosababisha ni makuli wa upande wako kwa uzembe. Lakini inatolewa kwa uwiano. Kreni 4 zilikuwa zinahitajika, moja imekufa kwa saa 8, unatoa robo, yaani saa 2, sio 8. Hapa makarani wanajisahau pande zote mbili. Mwandikie ofisa mkuu wa meli barua ya malalamiko saa ile ile kreni inapozima, utaje namba ya kreni na hachi, aisaini hata kama anaandika "nimeipokea tu".

Tuseme meli hiyo hiyo ningeikodi kwa taimu chata, ingekuwaje hapo Dar?

Leitaimu isingekuwepo kabisa, wala demareji. Kungekuwa na kodi, tuseme dola 13,000 kwa siku, inayokimbia toka meli ilipokabidhiwa kwako mpaka unapoirudisha. Ile Jumapili ya tarehe 21 ambayo kwenye voyaji chata ilikuwa bure, hapa ni dola 13,000. Zile saa 10 za mvua, kama dola 5,417. Siku zile nangani unalipa kodi pamoja na mafuta ya jenereta, maana hata meli ikiwa imesimama inakula mafuta, na mafuta ni yako.

Kinachokukinga kwenye taimu chata ni ofuhaya, yaani kodi inasimama meli ikishindwa kufanya kazi kwa sababu za upande wake: injini imekufa, mabaharia wamepungua, kreni imeharibika. Foleni ya bandari sio ofuhaya. Mvua sio ofuhaya. Ukosefu wa malori ndo kabisa. NYPE imeorodhesha sababu zake na ni mkodi ndiye anatakiwa athibitishe kwamba tukio limo kwenye orodha hiyo na kwamba muda umepotea kweli.

Wenye mazoea ya voyaji chata wanasahau na hili, kwamba meli ikikabidhiwa unanunua mafuta yaliyomo kwenye matangi yake kwa bei ya mkataba, na ukirudisha mwenye meli ananunua yaliyobaki. Hiyo ni hela inayotakiwa iwepo benki mwanzoni kabisa, juu ya kodi inayolipwa kabla, kwa kawaida kila siku 15.

Sasa mwagizaji wa kawaida wa Dar achague ipi?

Mimi kwa anayeleta meli moja au mbili kwa mwaka nasema voyaji chata, au abaki kwenye CFR lakini avisome vipengele vya leitaimu kama anavyosoma bei. Taimu chata inamfaa mwenye mizigo mfululizo, mwenye mtu ofisini anayejua bei za mafuta ya meli, na hasa mwenye uhakika na bandari zote mbili, kwa sababu anayekodi kwa siku anabeti kwamba meli haitakaa. Ukileta mzigo kipindi cha masika ukiwa na taimu chata, kila wingu ni lako.

Ila usichukue voyaji chata ukadhani umekwepa gharama za kuchelewa. Kasi uliyoiahidi lazima iwe ile unayoiweza kweli. Usiangalie rekodi ya siku yako nzuri kuliko zote, chukua wastani wa meli zako zilizopita, zile za masika zikiwemo. Freiti ikipungua senti 50 kwa tani kwa sababu umeahidi tani 5,000 wakati unashusha 2,500, umeokoa dola 12,000 kwenye tani 24,000 na umejichimbia demareji ya siku nyingi.

Nikimaliza mapema narudishiwa?

Ukiwa umekubaliana dispachi, ndiyo, kwa kawaida nusu ya bei ya demareji, kwenye mfano wetu dola 7,000 kwa siku. Gencon ya 1994 haina kipengele cha dispachi ndani yake, kwa hiyo kama hamjaongeza hakuna. Na uangalie imeandikwa muda wote uliookolewa au muda wa leitaimu tu uliookolewa, kwa sababu ya kwanza inahesabu na Jumapili na ya pili inaziacha.

SOF naisaini lini na niangalie nini?

SOF ni ile taarifa ya matukio ya meli toka kufika mpaka kumaliza, anaiandaa wakala wa meli, inasainiwa na kapteni, wakala na mara nyingi mwakilishi wa mpokea mzigo. Hesabu yote ya juu inatoka humo. Inaletwa mara nyingi kazi inapoisha, watu wamechoka, rubani ameshaagizwa na kila mtu anataka meli iondoke, unapewa kurasa nne na kalamu.

Usisaini bila daftari lako la kila siku mkononi. Linganisha saa za NOR, saa nanga ilipong'olewa na saa kamba ya mwisho ilipofungwa gatini, kila mvua mwanzo na mwisho, kila kreni iliyosimama na sababu yake. Angalia sana mistari iliyoandikwa "kusubiri malori" au "kusubiri mpokea mzigo", kwa sababu kama saa hiyo hiyo mvua ilikuwa inanyesha, mstari huo umekuondolea kinga yako kwenye leitaimu. Ukikuta kitu hukubaliani nacho na hawataki kubadilisha, saini lakini andika kwa mkono juu ya saini yako kwamba hukubaliani na mstari fulani, utaje tarehe na saa, na upige picha kila ukurasa kabla hujashuka ngazi ya meli.